Kwa Nini Msanii Yule Yule Anarudi: Mhadhara Juu ya Nyimbo Zilizochanganywa



Kila anayesikiliza muziki kwa simu anaijua ile alama ya mishale miwili inayopishana. Ukiigusa, simu inaacha kufuata orodha kama ulivyoipanga na kuanza kukuchanganyia nyimbo. Na karibu kila anayeitumia amewahi kuingiwa na shaka ile ile: nyimbo zangu ni nyingi, wasanii ni wengi, mbona huyu mmoja ndiye anayerudi? Ipodi ilipoenea Marekani, shaka hiyo ilifika hadi magazetini. Mwaka 2005 mwandishi Steven Levy alieleza jinsi kifaa chake kilivyoonekana kuipendelea bendi ya Steely Dan, akawauliza Apple. Aliambiwa kwamba kifaa hakimpendelei mtu. Wasikilizaji wengi hawakuridhika na majibu ya namna hiyo, na mpaka leo utawasikia watu wakisema kuna msanii aliyelipiwa ili apigwe zaidi.

Naichukulia shaka hii kwa uzito. Anayelalamika hajakosea alichosikia. Kweli amemsikia Mbaraka Mwinshehe mara tatu ndani ya nyimbo tano. Penye utata ni pale anapotoka kwenye alichosikia na kuhitimisha kwamba kuna mkono umeingilia. Jioni hii nitaonyesha kwamba uchanganyaji wa haki kabisa husikika hivyo hivyo. Kisha nitaeleza ni lini malalamiko yana msingi, maana ziko nyakati ambapo kosa ni la kifaa kweli.

Tuchukue mfano tuukokotoe pamoja. Tuseme simu yako ina nyimbo 100 za wasanii 10, kila mmoja nyimbo 10: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Remmy Ongala, Bi Kidude, Shakila, Daudi Kabaka, Franco, Samba Mapangala, Simba Wanyika na Les Wanyika. Unagusa mishale. Simu inafanya nini?

Ikiwa imetengenezwa vizuri, inafuata njia iliyochapishwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938, wakati kazi hiyo ilipofanywa kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaiandika kwa namna inayoifaa kompyuta. Nyimbo zote 100 zinawekwa kwenye mstari. Kompyuta inachagua mmoja kati ya hizo 100 kwa namba ya nasibu na kuupeleka nafasi ya mwisho. Uliokuwa pale unahamia nafasi iliyoachwa wazi. Kisha, kati ya 99 zilizobaki, inachagua mwingine na kuuweka nafasi ya 99. Inaendelea hivyo hadi mstari uishe. Mipangilio inayoweza kutokea ni mingi mno: idadi yake ni namba yenye tarakimu 158. Kila mmoja kati ya hiyo una nafasi sawa kabisa na mwenzake ya kukufikia. Hakuna wimbo unaorudiwa kabla nyingine zote hazijapigwa, na hakuna msanii anayetazamwa jina. Njia hii haimjui Bi Kidude wala Franco; inachokiona ni namba za nyimbo tu.

Sasa tuanze kusikiliza. Wimbo wa kwanza ni wa Bi Kidude. Zimebaki nyimbo 99, na 9 kati yake ni zake. Uwezekano kwamba wimbo wa pili nao ni wake ni 9 kwa 99, yaani 1 kwa 11. Haidhuru wimbo wa kwanza ni wa nani, na haidhuru tuko mwanzo au katikati. Kabla ya kusikia lolote, kila mahali wimbo mmoja unapomkabidhi mwenzake uwezekano ni huo huo. Na katika nyimbo 100 makabidhiano hayo ni 99. Zidisha 99 kwa moja ya kumi na moja, unapata 9. Kwa wastani, basi, ukisikiliza orodha hii kutoka mwanzo hadi mwisho, utamkuta msanii akijifuata mwenyewe mara 9, wala hakuna aliyelipwa wala kilichoharibika.

Tena si jozi tu. Uwezekano kwamba ndani ya orodha hiyo kuna mahali ambapo msanii mmoja anashika nyimbo tatu mfululizo ni karibu nusu. Ukichanganya kila Jumamosi, basi karibu Jumamosi moja kati ya mbili utasikia nyimbo tatu za mtu mmoja zikifuatana. Na kupata mpangilio ambao hakuna msanii anayejifuata hata mara moja, jambo ambalo wengi wetu tungeliita uchanganyaji halisi, ni nafasi moja kati ya maelfu.

Tazama pia nyimbo 10 za mwanzo. Wasanii ni 10, nyimbo ni 10. Sikio linatarajia kila mmoja ajitokeze, au walau wengi wao. Uwezekano wa wote 10 kusikika, kila mmoja mara moja, ni 1 kwa 1,731. Kwa wastani, wasanii watatu na ushei hawatasikika kabisa katika nyimbo hizo 10. Hata ukifika wimbo wa 20, kwa wastani bado kuna mmoja ambaye hajafungua kinywa, huku mara nyingi mwingine akiwa amekwisha kusikika mara nne au zaidi. Mwenye simu atasema, "Shakila wamemficha, Marijani wamemzidisha." Hesabu inasema hivyo ndivyo inavyokuwa siku ya kawaida.

Kwa nini basi jambo la kawaida linatushtua hivyo? Kwa sababu vichwani mwetu tuna picha ya nasibu iliyo laini kupita nasibu yenyewe. Kuna zoezi ambalo walimu wa takwimu wamelitumia kwa miaka mingi. Nusu ya darasa hurusha sarafu mara 200 na kuandika matokeo. Nusu nyingine hubuni matokeo 200 kichwani. Mwalimu anapokea karatasi bila majina na kuzitenganisha bila shida kubwa. Anatafuta mahali ambapo upande mmoja wa sarafu umejitokeza mara sita mfululizo au zaidi. Sarafu ya kweli, ikirushwa mara 200, hutoa mfululizo huo kwa uwezekano wa zaidi ya 95 kwa 100. Anayebuni haandiki mara sita. Akifika ya nne mkono unasita, anabadilisha upande, kwa kuwa anaona tayari imezidi. Mkono unaosita pale ndio unaolalamika Remmy Ongala anapoingia mara ya tatu.

Mfano mzito zaidi unatoka London. Mwaka 1944 Wajerumani waliupiga mji huo kwa mabomu ya kuruka yaliyoitwa V-1. Wakazi waliona mitaa fulani ikipigwa tena na tena huku mingine ikisalimika, na palizuka imani kwamba adui alikuwa akilenga sehemu maalumu. Baada ya vita R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alichukua eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa London akaligawa katika miraba 576, kila mmoja robo ya kilomita ya mraba. Mabomu yaliyoangukia humo yalikuwa 537. Kama yameanguka bila kulenga mraba wowote, kanuni ya nasibu inataka miraba karibu 227 iwe haikuguswa kabisa, na karibu 211 iwe imepigwa mara moja. Clarke alihesabu 229 na 211. Kwa miraba iliyopigwa mara nne kanuni ilitaka karibu 7, ilikuwa 7. Ndani ya eneo hilo mabomu hayakuwa yamelenga mtaa huu na kuuacha ule. Mitaa iliyopigwa mara nne ilionekana imelengwa kwa sababu tunadhani kisicholengwa hujitawanya sawasawa. Clarke alichapisha hesabu zake mwaka 1946, na sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kwamba mafungu si ushahidi wa nia. Kinyume chake, lau mabomu 537 yangeangukia miraba 537 tofauti, hapo ndipo tungepaswa kuuliza ni nani aliyeyapanga.

Turudi kwenye simu, maana orodha niliyoitumia ina kasoro moja: hakuna mtu mwenye orodha iliyogawanyika sawasawa namna ile. Mpenzi wa Mbaraka atakuwa na nyimbo zake 30, na nyimbo 3 tu za Daudi Kabaka. Hapa kuna kanuni fupi ambayo ningependa kila mmoja aondoke nayo. Chukua idadi ya nyimbo za msanii, izidishe kwa idadi hiyo hiyo ukipunguza moja, kisha gawa kwa jumla ya nyimbo zote. Jibu ni wastani wa mara ambazo msanii huyo atajifuata mwenyewe orodha ikipigwa yote. Kwa Mbaraka ni 30 mara 29, gawa kwa 100: 8.7. Kwa Kabaka ni 3 mara 2, gawa kwa 100: 0.06. Mbaraka ana nyimbo mara 10 ya Kabaka, lakini atajifuata mara 145 zaidi yake. Mrudio haukui kwa kipimo cha idadi ya nyimbo. Unakua karibu kwa mraba wake. Ndiyo maana msanii tunayemlaumu kwa kujirudia huwa ni yule tuliyemjaza wenyewe, halafu tukasahau tumemjaza kiasi gani.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza jambo jingine ambalo walalamikaji hawalitaji. Simu hutenganisha wasanii kwa majina. Sikio halifanyi hivyo. Les Wanyika ilizaliwa mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, na magitaa yao ni ya ukoo mmoja. Anayesikiliza huku akipika anaweza kuzichukua bendi hizo mbili kama kitu kimoja. Katika orodha yetu ya kwanza, kila moja ilikuwa na nyimbo 10, na kila moja ingejifuata kwa wastani mara 0.9, jumla 1.8. Sikio likiziunganisha, ni nyimbo 20: 20 mara 19, gawa kwa 100, unapata 3.8. Mrudio umezidi maradufu ilhali simu haijabadilisha kitu. Na hapo hatujahesabu nyimbo zilizofanana kwa mwendo, kwa lugha, kwa sauti ya kike, au kwa msanii aliyealikwa kwenye wimbo wa mwenzake. Kadiri unavyokuwa na sababu nyingi za kusema "hii inafanana na iliyopita", ndivyo utakavyoisema mara nyingi zaidi. Zile mara 90 ambazo nyimbo mbili zinazofuatana hazikufanana hakuna anayezikumbuka.

Niliahidi kuzungumzia makosa ya kweli, na yapo.

La kwanza ni vifaa visivyochanganya orodha hata kidogo, bali huchagua wimbo mmoja baada ya mwingine bila kukumbuka vilichokwisha kupiga. Katika nyimbo 100, kifaa cha namna hiyo kina uwezekano unaozidi nusu wa kurudia wimbo ule ule kabla hujamaliza wimbo wa 13. Ukipiga nyimbo 100, karibu 37 hazitasikika kabisa. Kukigundua ni rahisi: hapa kinachorudi ni wimbo wenyewe, si msanii tu, na unarudi kabla orodha haijaisha.

La pili ni redio za magari na spika ndogo za flashi ambazo huanza na namba ile ile ya kuanzishia, ambayo watengenezaji huiita mbegu. Namba za nasibu za kompyuta ni zao la hesabu. Mbegu ikiwa ile ile, mlolongo nao ni ule ule. Ukiwasha gari kila asubuhi na wimbo wa kwanza, wa pili na wa tatu ni wale wale wa jana, mbegu haibadilishwi.

La tatu ni la mtengenezaji aliyedhani amefuata njia ya Fisher na Yates, kumbe ameipinda kidogo. Badala ya kuchagua kati ya nyimbo zilizobaki, kila mara anachagua kati ya zote. Inaonekana ni haki zaidi, lakini siyo. Jaribu kwa nyimbo tatu. Kuna njia 27 za kwenda, ila mipangilio inayowezekana ni 6, na 27 haigawanyiki kwa 6. Kwa hiyo mipangilio mitatu inapata njia 5 kila mmoja, na mitatu inapata njia 4. Kosa hili halisikiki kwa sikio. Huonekana tu mtu akiirudia kazi mara maelfu na kuhesabu.

La nne silioni kuwa kosa la hesabu, lakini ndilo naamini linazaa malalamiko mengi kuliko yote hayo. Unasikiliza nyimbo 20 njiani, unafunga programu. Kesho unaifungua, nayo inachanganya upya orodha nzima kana kwamba jana haikuwapo. Nyimbo 20 za leo zinachotwa kutoka zile zile 100, na kwa wastani 4 kati yake ulizisikia jana. Baada ya siku tano umesikiliza nyimbo 100, na ulidhani umemaliza orodha. Kumbe karibu theluthi moja hujaisikia hata mara moja. Kila siku, ukiitazama peke yake, uchanganyaji ulikuwa wa haki. Kilichokosekana ni kumbukumbu ya kuendelea pale ulipoishia, na msikilizaji ana haki kamili ya kuidai.

Kampuni zilichukua njia gani? Septemba 2005 Apple ilitoa toleo la tano la programu ya iTunes likiwa na kidhibiti cha kupunguza au kuongeza uwezekano wa nyimbo za msanii mmoja kufuatana. Steve Jobs alieleza hadharani kwamba wanapunguza unasibu ili usikike kuwa wa nasibu zaidi. Spotify nao walianza na njia ya Fisher na Yates, wakachoshwa na malalamiko, na mwaka 2014 mhandisi wao Lukáš Poláček akaeleza njia mpya waliyoichukua, akimtaja Martin Fiedler aliyekuwa ameandika juu ya jambo hilo mwaka 2007.

Njia hiyo inakwenda hivi. Kila msanii anashughulikiwa peke yake kwanza. Nyimbo 10 za Bi Kidude zinachanganywa zenyewe kwa zenyewe, kisha zinatandazwa kwenye mstari wote kwa mapengo karibu sawa, yaani wimbo mmoja katika kila sehemu ya kumi ya safari. Mahali pa kuanzia panachaguliwa kwa nasibu, ili wasanii wote wasipange foleni mwanzoni, na kila wimbo unasukumwa kidogo mbele au nyuma ili mapengo yasifanane mno. Shakila naye anatandazwa hivyo, na Franco, na wote. Mwisho mistari yote inaunganishwa kuwa mmoja kwa kufuata nafasi za nyimbo. Jozi hazitoweki zote, lakini zinapungua sana, na watu wanasema: sasa imechanganyika.

Haijachanganyika zaidi, imepangwa zaidi. Ukishamsikia Bi Kidude unaweza kutabiri kwamba nyimbo kadhaa zijazo hazitakuwa zake, na uwezo wa kutabiri ndio kipimo cha mpangilio. Sioni ubaya katika hilo. Anayesikiliza muziki anataka ladha zibadilike, hafanyi bahati nasibu ya fedha, na kifaa kinachomtumikia kinafaa kumpa anachokitaka. Ninachokipinga ni kuiita nasibu. Tukizoea kwamba nasibu ni kitu laini kisicho na mafungu, tutakwenda na kipimo hicho hicho kwenye matokeo ya mitihani, kwenye takwimu za wagonjwa wa mtaa mmoja, kwenye matokeo ya mechi, na tutaona njama mahali pasipo na njama.

Njia hiyo nayo ina mwisho wake. Ukiwa na nyimbo 60 za Mbaraka kati ya 100, hakuna mpangaji duniani atakayezitenganisha. Zina mapengo 59 katikati yake, na nyimbo za wengine ni 40. Hata kila moja ikiziba pengo lake, mapengo 19 yatabaki wazi, na mara 19 Mbaraka atajifuata. Dawa hapo ni kuongeza nyimbo za wengine.

Kwa hiyo, ndugu zangu, siku utakaposhuku simu yako, fanya hivi. Changanya orodha mara moja, na kama programu inakuonyesha foleni ya nyimbo zinazofuata, huna haja hata ya kusikiliza. Soma majina tu. Hesabu ni mara ngapi jina linajifuata. Kisha fanya ile hesabu ya kuzidisha na kugawa kwa kila msanii, ujumlishe. Kwa orodha yetu ya wasanii 10 wenye nyimbo sawa wastani ni 9, na mara nyingi idadi itaangukia kati ya 4 na 14. Ukipata 2 au 3 kila mara, programu yako inatandaza wasanii kwa makusudi. Ukipata 20 na zaidi kila unapochanganya, au wimbo ule ule ukirudi kabla orodha haijaisha, una kesi ya kweli: waandikie wenye programu, uwaambatanishie foleni uliyoinakili na hesabu yako, na uwadai wairekebishe.